Kilima Kinapimwa kwa Asilimia au kwa Digrii? Maelezo kwa Wenye Malori na Kamati za Barabara

Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Wundanyi na fundi wa vipimo wa barabara, mbele ya madereva, wenye malori, wanakandarasi wadogo na wanakamati wa barabara za wadi. Yamepunguzwa kidogo ili yatoshe katika kurasa zetu.

Nimeambiwa nizungumze nusu saa, nami najua wengine wenu mna mboga za kushusha Voi kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye kosa langu.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana, nikifanya kazi katika kaunti nyingine, nilitumwa kupima njia ya kupanda kijiji kimoja kilichokuwa kikijengewa zahanati. Swali lilikuwa rahisi: je, lori la kokoto litafika juu? Njia ilikuwa ya maramu, urefu wake kilomita moja na mita 200 hivi. Katikati ya njia palikuwa na kipande cha mita 60 kilichosimama kuliko pengine pote. Nikaweka simu yangu juu ya ubao, ubao juu ya barabara, simu ikasoma 12. Kwenye fomu yangu palikuwa na safu imeandikwa "mwinuko, asilimia". Nikaandika 12. Nikarudi mjini nimeridhika.

Simu ile ilikuwa ikisoma digrii. Digrii 12 ni asilimia 21.

Lori lilikuja siku ya tatu, limejaa. Lilipanda vizuri mpaka kile kipande, likaanza kunguruma, likapungua mwendo, likazima. Dereva akavuta breki ya mkono. Lori likasimama kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Tanboi akaruka chini na jiwe, akaliweka nyuma ya gurudumu, kama ambavyo tanboi yeyote angefanya. Gurudumu likalipanda lile jiwe, jiwe likamrukia mguuni. Lori lilisimamishwa na gema upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na bonde, na sitaki kusema zaidi. Kijana yule alivunjika mguu, na mpaka leo nikikutana naye hunitania kwamba mimi ndiye niliyempa likizo ya miezi minne. Mimi sicheki sana.

Kwa hiyo ninachotaka tuelewane leo ni vitu viwili tu: namna ya kubadilisha digrii kuwa asilimia na asilimia kuwa digrii bila kukosea, na namna ya kujua, kabla lori halijawasha injini, kama litapanda au halitapanda.

Tuanze na asilimia. Mwinuko wa asilimia 10 maana yake ni kwamba ukienda mbele mita 100 kwa usawa, umepanda juu mita 10. Ni hesabu ya kugawa tu: ulivyopanda, gawa kwa ulivyokwenda mbele, zidisha kwa 100. Digrii ni kitu kingine. Hiyo ni pembe, ule uwazi kati ya barabara na ardhi tambarare. Watu wengi hudhani kwamba asilimia 100 ni ukuta uliosimama wima. Sivyo. Asilimia 100 ni mita 100 mbele na mita 100 juu, na hiyo ni digrii 45. Ukuta uliosimama wima ni digrii 90, nao hauna asilimia kabisa, kwa sababu hujakwenda mbele hata hatua moja, na huwezi kugawa kwa sufuri.

Kwenye kikokotoo cha simu, chenye kitufe cha tanjenti, hesabu kamili ni hii:

```
asilimia = 100 × tan(digrii)
digrii   = atan(asilimia ÷ 100)
```

Hakikisha kikokotoo kimewekwa kwenye DEG, si RAD, la sivyo kitakupa majibu ya ajabu. Jaribu kwanza tan ya 45. Ikikupa 1, kiko sawa.

Lakini dereva aliye barabarani hana muda wa tanjenti. Kwa vilima ambavyo lori linaweza hata kufikiria kuvipanda, kuna njia ya kichwani. Chukua digrii, zidisha kwa mbili, kisha toa sehemu moja ya nane ya ulichopata. Digrii 12 mara mbili ni 24. Sehemu ya nane ya 24 ni 3. Toa, unabaki na 21. Kikokotoo kitakwambia 21.3, kwa hiyo hujapotea. Kurudi upande wa pili, chukua asilimia, gawa kwa mbili, kisha ongeza sehemu moja ya saba ya ulichopata. Asilimia 14 nusu yake ni 7, sehemu ya saba ni 1, jumla digrii 8. Njia hii ni nzuri mpaka digrii 15 hivi. Ukipita hapo inaanza kudanganya: kwa digrii 45 itakwambia asilimia 79 badala ya 100. Lakini kama unapeleka lori lenye mzigo kwenye digrii 45, shida yako si hesabu.

Kitu kimoja cha kukumbuka: kwa kilima kilekile, namba ya asilimia ni kubwa kuliko ya digrii, karibu mara mbili. Ndiyo maana kukosea upande mmoja ni hasara tu na kukosea upande wa pili ni hatari. Ukisoma asilimia ukadhani ni digrii, utakiogopa kilima bure na kulizungusha lori njia ndefu. Ukisoma digrii ukadhani ni asilimia, kama nilivyofanya mimi, utakidharau kilima. Basi kwenye daftari la kamati, namba isiandikwe peke yake hata siku moja. Andika "12 digrii" au "12 asilimia". Mimi siku hizi huandika zote mbili, moja pembeni ya nyingine, na zisipolingana najua nimelala.

Sasa, kupima. Simu si lazima. Chukua ubao ulionyooka wa mita mbili na pima maji ya fundi mwashi. Weka ncha moja ya ubao juu ya barabara upande wa kilima, inua ncha ya upande wa chini mpaka pima maji iseme ubao umelala sawa, kisha pima kwa tepu uwazi kati ya ncha hiyo na barabara. Ukipata sentimita 24, gawa kwa 200, ni asilimia 12. Sentimita 42 ni asilimia 21. Kila sentimita mbili ni asilimia moja. Hapo hakuna digrii, hakuna mipangilio ya simu, hakuna kukosea safu. Rudia mara tatu au nne ndani ya mita kumi, kwa sababu barabara ya maramu ina mawimbi na ubao unaweza kukaa juu ya tuta dogo ukakudanganya.

Na hapa kuna mtego mwingine. Kile kilima changu kilikuwa kinapanda mita 96 kutoka chini hadi juu, kwa njia ya mita 1,200. Gawa, utapata asilimia 8. Ukiangalia ramani ya simu ndivyo itakavyokwambia: asilimia 8, kilima cha kawaida. Lakini lori halipandi wastani. Lori linapanda kila mita kwa zamu yake. Zile mita 60 peke yake zilipanda karibu mita 13, na mita 1,140 zilizobaki zilikuwa na asilimia 7 na kitu. Lori lilikwama kwenye zile mita 60. Kwa hiyo kamati ikija kwangu na namba ya wastani, nitawauliza: sehemu mbaya kuliko zote iko wapi, na ina urefu gani?

Kona nazo zina siri yake. Kwenye kona kali, upande wa ndani wa barabara na upande wa nje vinapanda kimo kilekile, lakini upande wa ndani ni mfupi zaidi. Mwinuko wake basi ni mkali zaidi. Chukua kona ambayo katikati ya barabara iko mita 15 kutoka kitovu cha kona, na magurudumu ya ndani yanapita mita 12 na nusu. Ikiwa katikati ni asilimia 12, ndani ni 12 mara 15 gawa kwa 12.5, yaani asilimia 14 na zaidi. Madereva wa Wundanyi hawahitaji kuambiwa. Mnajua kwamba kwenye kona za kupanda mnachukua upande wa nje kama hakuna gari linalokuja. Hiyo ndiyo sababu yake kwa hesabu.

Tuje kwenye lori lenyewe. Nitatumia lori la ekseli mbili lililojazwa mpaka kikomo, ambalo kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ni tani 18 kwa jumla: tani 8 ekseli ya mbele, tani 10 ya nyuma. Nasema kwa jumla, yaani chuma, mafuta, dereva na kokoto. Dereva aniambie "nimebeba tani 11", nami nitaongeza tani 7 za lori tupu.

Kuna kanuni moja ambayo ningependa muondoke nayo leo: kila asilimia moja ya mwinuko huvuta nyuma kilo 10 kwa kila tani ya lori. Tani 18, asilimia moja, ni kilo 180 zinazolivuta lori chini. Asilimia 10 ni kilo 1,800. Ndiyo sababu mafundi wa barabara hupenda asilimia kuliko digrii. Asilimia inaingia kwenye hesabu ya uzito moja kwa moja. Juu ya hapo ongeza uzito wa kuviringisha magurudumu yenyewe, ambao upo hata kwenye tambarare. Kwenye lami nzuri hesabu kama asilimia moja ya ziada. Kwenye maramu iliyoshindiliwa, mbili. Kwenye tope linalomeza tairi, tano na hata zaidi.

Upande wa pili wa mizani ni injini. Lori letu, tuseme, lina injini yenye nguvu ya mzunguko ya mita-newtoni 600. Namba hiyo iko kwenye kitabu cha lori. Gia ya kwanza inaizidisha mara 6.5, difu inaizidisha tena mara 5, na njiani kama asilimia 15 inapotea kwenye gia na shafti. Gurudumu kutoka kitovu hadi ardhini ni nusu mita, kwa hiyo tunagawa kwa 0.5. Ukipiga hesabu utapata newtoni 33,150, ambazo ni karibu kilo 3,380 za kusukuma mbele. Gawa kwa zile kilo 180, unapata asilimia 18 na kitu. Toa mbili za maramu, unabaki na karibu 17. Hapo ndipo lori hili linaishia likiwa tayari linatembea, gia ya kwanza, injini ikilia kwa nguvu zake zote.

Lakini lori halitembei daima. Ng'ombe atavuka, pikipiki itateleza mbele yako, nawe utasimama katikati ya kilima. Kuondoka kutoka kusimama kunataka akiba, kwa sababu klachi inateleza na lori linahitaji kuongeza mwendo, si kushikilia tu. Mimi huweka akiba ya moja ya tano. Moja ya tano ya 3,380 ikitoka, zinabaki kilo 2,700. Gawa kwa 180 ni 15, toa mbili za maramu, ni asilimia 13. Hicho ndicho kikomo ninachokiamini kwa lori hili likiwa limejaa: asilimia 13, ambayo ni digrii saba na nusu hivi.

Sasa mnaona kosa langu lilivyokuwa na sura nzuri. Fomu ilisema asilimia 12. Kikomo ni 13. Kwenye karatasi lori lilipita, tena bila wasiwasi. Mkubwa wangu alitia sahihi, na hakuwa na sababu ya kutotia.

Kuna madereva watakaoniambia, "Bwana fundi, lori langu lina farasi 200, halishindwi." Nguvu za farasi zinakwambia utapanda kwa mwendo gani, si kama utapanda. Farasi 200 ni kama kilowati 150. Kwenye asilimia 12 ya maramu, lori la tani 18 lenye injini hiyo litakwenda kama kilomita 18 kwa saa. Ukiuliza zile farasi kuhusu asilimia 20, zitakujibu kilomita 12 kwa saa, jibu zuri kabisa, ila lori halina gia fupi ya kutosha kuzitumia. Injini itazima kabla ya kuutoa ule uwezo. Ukitaka kujua kama lori litapanda, soma nguvu ya mzunguko na namba za gia, usisome farasi.

Wengine mtasema, "Basi tupunguze mzigo." Kwa upande wa injini ni kweli. Kwenye asilimia 21 na maramu yake, jumla 23, kila tani inadai kilo 230. Kilo zetu 2,700 zinatosha tani 11 na robo tatu kwa jumla, yaani mzigo usiofika tani 5. Safari mbili na zaidi badala ya moja. Lakini msiondoke hapo mkiwa na furaha, kwa sababu injini ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni tairi.

Gurudumu linalosukuma linaweza kusukuma tu kadiri linavyoshika ardhi, na linashika kulingana na uzito ulio juu yake. Kwenye maramu kavu iliyoshindiliwa, chukua kwamba linashika nusu ya uzito huo. Kwenye kokoto zinazotembea, kama theluthi moja, 0.35 hivi. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, moja ya tano, na wakati mwingine chini ya hapo. Hizi ni namba za makadirio, zinabadilika kwa tairi na kwa siku, lakini zinatosha kwa uamuzi. Lori letu lina tani 10 kati ya 18 juu ya ekseli inayosukuma, yaani 0.55 ya uzito wote. Zidisha: kwenye maramu kavu 0.5 mara 0.55 ni 0.275, toa 0.02 ya kuviringika, unapata asilimia 25. Tairi zinaweza zaidi ya injini. Tatizo ni injini. Kwenye kokoto zinazotembea, 0.35 mara 0.55 ni 0.19, toa 0.03, asilimia 16. Kwenye udongo mwekundu wa mvua, 0.2 mara 0.55 ni 0.11, toa 0.05 ya tope, unabaki na asilimia 6.

Asilimia sita! Kilima changu chote, hata ile sehemu "rahisi" ya asilimia 7, kilikuwa hakipandiki siku ya mvua, kwa lori lolote la aina hiyo, hata liwe na injini ya meli. Na angalieni jambo hili: kwenye hesabu ya tairi hamna tani. Ukipunguza mzigo, kinachokuvuta nyuma kinapungua na kinachokushika chini kinapungua pamoja nacho. Lori tupu linaweza hata kuwa baya zaidi, kwa sababu likiwa tupu uzito mwingi uko mbele, juu ya injini, na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Mmeona wenyewe lori tupu likicheza ngoma kwenye tope pale ambapo jana lilipita limejaa. Ukilazimika kupunguza mzigo kwenye njia inayoteleza, bakisha ule ulio juu ya ekseli ya nyuma, usiuache wa mbele.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Lori likishindwa na magurudumu hayazunguki, injini inakufa, hiyo ni injini au gia: punguza mzigo. Likishindwa na magurudumu yanazunguka mahali pamoja, hiyo ni tairi na ardhi: kupunguza mzigo hakutakusaidia, ngoja jua au tengeneza barabara. Na ukiendelea kukanyaga mafuta unachimba tu makaburi mawili ambayo mwenzako atatumbukia kesho.

Lori la ekseli tatu, ambalo nyuma zote mbili zinasukuma, lina tani 18 kati ya 26 juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo linashika vizuri zaidi. Kwenye udongo wa mvua litafika asilimia 8 hivi. Trela ndefu la ekseli saba ni kinyume. Tani 56 zote, na zinazosukuma ni 18. Kwenye kokoto zinazotembea haliwezi kupita asilimia 8. Tafadhali msiliite trela kwenye barabara ya kijiji kwa sababu lilikuwa bei nafuu.

Nimeacha breki mwisho kwa makusudi. Kanuni namba 13 ya Umoja wa Mataifa kuhusu breki hudai kwamba breki ya kuegesha ya lori lililojaa ilishikilie lori kwenye mteremko wa asilimia 18, na kwa lori lenye trela, breki ya lori la mbele ishikilie yote kwenye asilimia 12. Hizo ni breki mpya, zilizorekebishwa, sehemu iliyo kavu. Kipande changu kilikuwa 21. Kwa hiyo hata kama breki ya lori lile ingekuwa imetoka kiwandani asubuhi hiyo, hakuna aliyeahidi kwamba ingeshika. Dereva hakukosea kitu. Aliivuta breki ambayo haikutengenezwa kwa kilima kile, kwa sababu karatasi yangu ilimwambia kilima ni kingine. Ndiyo maana mimi husema: hata injini ikitosha na tairi zikitosha, asilimia 18 ni ukuta kwa lori lolote lililojaa. Na kama ni lazima kuweka kizuizi nyuma ya gurudumu, kiwe kabari ya mbao iliyokatwa sawasawa, iliyofungwa kamba ndefu, tanboi akiwa pembeni ya lori na si nyuma yake. Jiwe la mviringo halizuii lori. Linageuka kuwa gurudumu la pili.

Mtauliza zahanati ilijengwaje. Kokoto za kwanza zilipandishwa kwa punda na trekta dogo, jambo lililokula pesa nyingi. Baadaye kile kipande kilichongwa upya. Kimo ni kilekile, mita 12.6, hakiwezi kupunguzwa kwa maneno. Unachoweza ni kurefusha njia. Kwa asilimia 12, mita 12.6 zinahitaji njia ya mita 105 badala ya 60, na ili kuipata ilibidi kuweka kona moja. Kwa sababu ya ile habari ya upande wa ndani, kona yenyewe ya mita 30 tukailegeza mpaka asilimia 8, na upande wake wa ndani ukawa chini ya 10. Urefu wote ukawa mita 115. Kisha ukamwagwa zege wenye mistari ya kukwaruza, kwa ajili ya mvua. Zege peke yake juu ya ile njia ya zamani isingetosha. Zege hubadilisha namna tairi linavyoshika. Haibadilishi zile kilo zinazolivuta lori. Niliwaona watu wakimwaga zege kwenye asilimia 20 na zaidi wakidhani wamemaliza, na sasa tairi zinashika vizuri sana huku injini zikizima.

Nitapokea maswali machache.

Mzee mmoja wa kamati aliuliza kama simu zote zinasoma digrii. Fundi alijibu: Nyingi, ndiyo, ila baadhi zina kitufe cha kubadilisha. Iweke simu juu ya ubao, inua ubao wa mita moja mpaka ncha yake iwe sentimita 10 juu ya meza. Ikisoma karibu 6, hizo ni digrii. Ikisoma 10, ni asilimia. Fanya hivyo nyumbani kabla ya kutoka, wala usiamini alama iliyoandikwa kwenye kioo.

Mama mmoja anayesafirisha mboga aliuliza: kuteremka je? Mizigo yetu sisi huteremka, haipandi. Fundi alisema: Mama, umeniuliza swali gumu kuliko langu. Zile kilo 10 kwa kila tani kwa kila asilimia sasa zinakusukuma, na kuzishika ni kazi ya injini na breki. Mwambie dereva wako ateremke kwa gia ileile ambayo angepandia kilima hicho akiwa na mzigo huohuo, na aiingize kabla hajaanza kuteremka, akiwa bado juu. Akingoja mpaka breki zinuke, gia ile haitaingia tena.

Dereva mmoja aliuliza kama anaweza kukikimbilia kilima, apate kasi kabla hajafika. Fundi alijibu: Kwa kipande kifupi, ndiyo, kasi inasaidia. Kilomita 30 kwa saa zinatosha kukuinua mita tatu na nusu kabla injini haijaombwa chochote. Kile kipande changu kilikuwa mita 12.6. Toa tatu na nusu, zilizobaki ungezipanda kwa nini? Na ukisimama hapo katikati, breki yako imeshakwambia jibu lake.